Nimechanja kwa kalenda, vifaranga bado wanakufa: kosa ni chanjo, chakula au banda?

#1 MkulimaWaIpogolo

Wakuu, habari za jioni. Naandika huku nina kifaranga mkononi ambaye sidhani kama ataiona asubuhi.

Niko Iringa, na ndiyo mara yangu ya kwanza kufuga. Nilianza na vifaranga 150 chotara wa siku moja. Kuna picha sita zinazunguka WhatsApp za ufugaji wa kuku kwa anayeanza: moja ya banda, mbili za chakula, tatu za chanjo. Nilizichapa nikazibandika mlangoni. Siku ya 7 kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 kideri tena. Zote nimetoa, na kila tarehe nimeipiga tiki kwa kalamu nyekundu.

Wiki ya kwanza walikufa 4, nikaambiwa ni kawaida. Siku ya 23 wakafa 4, ya 24 wakafa 9, jana 14, leo mpaka sasa 11. Wamebaki 108. Wanajikunyata, manyoya yanasimama, wanafumba macho kama wazee kwenye mkutano wa kijiji. Kinyesi cheupe cha majimaji, ila wengine kina rangi ya kahawia kama damu iliyochakaa.

Swali langu moja tu: mtu akichanja kwa kalenda halafu kuku wakafa, kosa liko wapi?

#2 NgojaWaje

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, wajuzi waje.

#3 BosiBroila

Hiyo ni gumboro, sihitaji hata kuona picha. Chanjo za siku hizi hazina nguvu, mimi huwa naweka dozi mbili badala ya moja. Sasa hivi kimbia dukani chukua antibiotiki ya unga, weka kwenye maji siku tano mfululizo. Nimeokoa kuku wangu hivyo mara tatu.

#4 BibiJogoo

Vifaranga wa mashine hao, wamelelewa bila mama. Mimi wangu wa kienyeji nawapa mwarobaini na shubiri kwenye maji, wanalala juu ya mti, na hakuna anayejikunyata. Mjukuu wangu, achana na sindano.

#5 MzeeSindano

Nimestaafu kazi ya mifugo, ila mdomo haujastaafu.

Bosi wa #3, gumboro ni virusi. Antibiotiki haiigusi. Inaweza kusaidia kuzuia vimelea vinavyodandia kuku aliyedhoofika, basi. Hizo mara tatu unazosema uliokoa, ningependa kujua walikuwa wamefikia siku ya ngapi ya ugonjwa, nitarudi hapo baadaye.

Bibi wa #4, shikamoo. Hakuna aliyetaja sindano. Chanjo hizi ni za maji au tone.

MkulimaWaIpogolo, picha zako zimekuambia siku. Zimekuambia namna? Nijibu haya kabla sijasema kitu: Chanjo uliinunua wapi na ukaibebaje? Uliichanganya kwenye maji gani, lita ngapi? Waliinywa kwa muda gani?

#6 MkulimaWaIpogolo

Marahaba kwa niaba ya bibi, na shikamoo mzee.

Nilinunua duka la dawa za mifugo mjini. Muuzaji aliitoa kwenye friji akaifunga kwa gazeti, nikaweka mfukoni mwa koti. Nikapitia sokoni kununua dagaa wa kuku, nikapanda daladala, labda saa moja na nusu mpaka nyumbani. Maji ni ya bomba. Muuzaji alisema lita 10. Niliwawekea asubuhi, wakanywa mpaka jioni, yaliyobaki kama lita 3 nikamwaga. Ya kideri nilifanya vilevile.

#7 Chotara_Nakuru

Mfuko wa koti! Kwani hiyo chanjo ilikuwa inaenda harusini?

Pole lakini, si kucheka. Mimi niko Nakuru, na mwaka wangu wa kwanza nilifanya karibu hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mimi niliiacha kwenye gari juani nikiwa kinyozi.

#8 MzeeSindano

Sasa tuongee.

Chanjo hizi ulizotumia ni virusi hai vilivyopunguzwa makali. Neno la kushika ni *hai*. Ukimpa kuku virusi vilivyokufa njiani, umempa maji yenye jina la chanjo. Inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani mpaka bandani kwako. Saa moja na nusu kwenye koti, Iringa, mwezi huu wa Julai, huenda isiiue yote. Lakini ulianza kuipunguza.

Pili, maji ya bomba. Dawa inayowekwa ili sisi tusiugue matumbo ndiyo hiyo hiyo inaua virusi vya chanjo. Tumia maji ya kisima safi au ya mvua. Huna? Chota ya bomba jana yake, yaache wazi kwenye ndoo ya plastiki usiku kucha, kisha utie maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kama kijiko kimoja cha chai kwa lita. Koroga, subiri robo saa hadi nusu saa, ndipo uweke chanjo. Maziwa yanamaliza ile dawa iliyobaki.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapoangukia: lita 10. Sisi kazini tulikuwa na hesabu ya kichwani. Kuku 1,000 wanahitaji lita za maji ya chanjo sawa na umri wao kwa siku. Wa siku 14, lita 14 kwa kuku 1,000. Wewe ulikuwa na 146. Fanya 14 mara 0.146, unapata lita 2 na kidogo. Siku ya 7 ilikuwa lita moja tu. Ya 21, lita 3.

Maji ya chanjo yanatakiwa yaishe ndani ya saa mbili, kwa sababu baada ya hapo virusi vinazidi kufa. Ndiyo maana tunawanyima maji saa moja au mbili kabla, ili wakija waje na kiu. Sasa wewe umeweka dozi 150 ndani ya lita 10, na ndani ya saa mbili za kwanza wamekunywa labda lita moja na nusu. Maana yake ni kwamba chanjo nyingi ilikuwa bado inaelea kwenye vyombo ikifa taratibu, na lita 3 za mwisho ukawachanja majani ya uani.

Tiki nyekundu ilikuwa sahihi. Kuku ndio hawakuchanjwa.

#9 NgojaWaje

"Ukawachanja majani ya uani" 😂😂 Mzee huyu tumlinde.

#10 DadaWaMayai

Samahani nauliza, mimi kuku wangu wamefika miezi sita na hawatagi, je ni chanjo pia?

#11 Chotara_Nakuru

Dada, huu uzi ni wa vifaranga wanaokufa. Hao wako angalau wako hai. Fungua uzi wako tutakuja.

#12 FundiBanda

Mimi najenga mabanda, na nataka kumpinga Mzee Sindano kwa heshima. Kila kuku akifa watu wanakimbilia chanjo. Kinyesi cha kahawia kama damu ni kokidi, yaani kuhara damu. Na kokidi haina uhusiano na koti wala bomba, inatoka kwenye matandiko mabichi.

Mkuu, jibu na yangu. Banda lina ukubwa gani? Matandiko ni nini? Kinengunengu, ule uzio wa kulelea vifaranga karibu na joto, ulikitoa lini? Na jiko?

#13 MkulimaWaIpogolo

Banda futi 10 kwa 12, matofali ya udongo, dirisha moja kubwa nimeliziba kwa nailoni kwa sababu ya baridi ya huku. Matandiko ni unga wa mbao wa kwa fundi seremala, ni wa bure. Kinengunengu hakijatolewa, kipo vilevile nilivyokipanga siku ya kwanza, upana kama mita mbili na nusu. Majiko ya mkaa yalikuwa mawili, siku ya 18 nikatoa yote maana mkaa umenimaliza.

#14 FundiBanda

Mungu wangu.

Duara la mita mbili na nusu ni kama mita 5 za mraba. Vifaranga 146 humo ni karibu 30 kwa kila mita. Siku ya kwanza ni sawa, wanatakiwa wakae karibu na joto. Lakini kinengunengu kinapanuliwa kila baada ya siku tatu nne, na kufikia wiki ya pili au ya tatu kinaondoka kabisa, wanapewa banda zima. Banda lako lina mita 11. Ulikuwa na nafasi mara mbili, umeifungia nje.

Halafu unga wa mbao. Si maranda, ni unga. Kifaranga anaudonoa akidhani chakula, na ukilowa unashikana kama ugali. Tafuta maranda yenyewe, yale yaliyojikunja. Kipimo hiki hapa, nenda kakifanye sasa hivi: chota matandiko chini ya chombo cha maji, yafinye kwenye ngumi, kisha fungua mkono. Yakimwagika yenyewe, makavu. Yakibaki tonge, ndiyo shamba la kokidi hilo.

Na ukiwa umeinama humo, piga magoti uweke uso wako usawa wa kifaranga, kaa dakika moja. Macho yakiwasha, hiyo ni hewa ya mkojo. Wewe ukisimama huisikii, wao wanaishi ndani yake. Nailoni izibe chini tu, upepo usiwapige, juu iache wazi shubiri mbili.

#15 MkulimaWaIpogolo

Nimerudi. Tonge. Na macho yamewasha mpaka nimetoka nje.

#16 BosiBroila

Kwa hiyo siyo gumboro? Maana nilishasema dawa.

#17 MzeeSindano

Fundi, sijakataa yako. Matandiko mabichi na kokidi ni ndugu. Lakini angalia mfuatano wa vifo: 4, 9, 14, 11. Vinapanda ghafla, vinafika kileleni siku ya tatu, vinaanza kushuka. Umri wiki ya nne. Kinyesi cheupe cha maji. Huo ni mwendo wa gumboro. Kokidi mara nyingi huchechemea, wawili leo, watatu kesho, wiki nzima.

Ila siapi. Kuna wanaokuja na yote mawili, maana gumboro inabomoa kinga ya mwili, na kokidi iliyokuwa imelala inaamka. Kwa njia hiyo hiyo hata chanjo ya kideri aliyotoa siku ya 21 inaweza isishike.

#18 Chotara_Nakuru

Mzee, mimi nina swali la kweli. Picha zake zinasema gumboro siku ya 14. Mimi niliponunua vifaranga, waliowaangua waliniambia siku ya 10 na nirudie ya 18. Jirani yangu hutoa ya 14 na ya 28. Nani anadanganya?

#19 MzeeSindano

Hakuna anayedanganya, na ndiyo maana kadi moja haimtoshi kila mtu.

Kifaranga anazaliwa na kinga aliyorithi kwa mama kupitia kiini cha yai. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia haichagui: inakiua kirusi cha chanjo sawa na cha ugonjwa. Ukichanja mapema mno, kinga ya mama inaimeza chanjo. Ukichelewa, kinga ya mama imeshaisha na ugonjwa unakuta mlango wazi. Tatizo ni kwamba ndani ya boksi moja la vifaranga kila mmoja anaishiwa siku yake. Kwa hiyo tunatoa mara mbili, tukitumaini kwamba asiyeshika ya kwanza atashika ya pili. Siku zenyewe zinategemea mama zao walichanjwaje na chanjo uliyonunua ni ya nguvu gani. Anayeangua vifaranga ndiye wa kuulizwa, na akupe kwa maandishi.

Kadi ya mwenzetu ina gumboro mara moja tu. Hapo ndipo ninapoilaumu kadi.

#20 MkulimaWaIpogolo

Nimeiangalia tena. Kuna mstari mdogo chini: "rudia siku ya 28". Niliukata nilipokuwa nachapa ili ienee kwenye karatasi.

#21 NgojaWaje

😂😂😂 Kadi imesafishwa jina.

#22 PumbaNaMashudu

Mnaongea chanjo na banda, hakuna aliyeuliza wanakula nini. Amesema alipitia sokoni kununua dagaa. Mkuu, ulikuwa unachanganya mwenyewe?

#23 MkulimaWaIpogolo

Ndiyo. Wiki mbili za kwanza nilinunua chakula cha vifaranga cha kiwandani. Siku ya 15 nikaanza kuchanganya, kwa kilo 100: pumba ya mahindi 70, mashudu ya alizeti 20, dagaa 10. Chokaa ya mifugo nikaongeza kiganja.

#24 PumbaNaMashudu

Kwenye karatasi haukukosea sana. Pumba ina protini kama 10 kwa mia, inakupa kilo 7. Mashudu tuseme 25 kwa mia, kilo 5. Dagaa wazuri 50 kwa mia, kilo 5. Jumla 17. Kifaranga wa umri huo anataka 18 hadi 20. Unaweza kusema umepungukiwa kidogo tu.

Lakini kifaranga hali karatasi. Pumba na mashudu yenye maganda ni makapi mengi, tumbo lake dogo linajaa kabla hajashiba. Hakuna mahindi yenyewe ya kumpa nguvu, na baridi ya Iringa bila jiko inakula nguvu hiyo hiyo. Hakuna premiksi ya vitamini. Na hao dagaa wa sokoni ndio nawatilia shaka kuliko vyote. Chukua konzi mbili, watie kwenye ndoo ya maji, koroga, uone mchanga utakaotuama chini. Kisha onja hayo maji kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi kali, umepata jibu la matandiko yako: kuku anayekula chumvi anakunywa sana, akinywa sana anaharisha maji, na matandiko hayatakauka hata ukifungua madirisha kumi.

Kwa hiyo mimi nasema chanzo ni dagaa. Fundi ameona tonge, hajauliza maji yametoka wapi.

#25 FundiBanda

Maji yametoka kwenye chombo cha maji kilichowekwa chini badala ya kuinuliwa kwenye tofali, usawa wa mgongo wa kifaranga. Dagaa wako mwache apumzike.

#26 PumbaNaMashudu

Umeona chombo chake? Hajasema kiko chini.

#27 MkulimaWaIpogolo

Kiko chini 😔 Lakini mchanga nao upo. Nimepima, unga wa mchanga vidole viwili kwenye ndoo. Chumvi nimeisikia, ila si kali kama ya kwenye mboga.

#28 BibiJogoo

Mwanangu Sindano, marahaba, jana sikuitikia. Umesema tone. Tone gani hilo? Maana kiangazi cha mwaka juzi mdondo ulipita huku kwetu, nyumba nane zilibaki na banda tupu. Wangu walibaki wawili. Sikulisema kwenye #4 kwa sababu hamkuniuliza.

#29 Chotara_Nakuru

Bibi! "Hakuna anayejikunyata" kumbe ni kwa sababu walishakwisha 🤣

#30 MzeeSindano

Bibi, asante kwa ukweli. Mdondo ndio kideri hicho hicho.

Kwa kuku wachache wa kienyeji, mbali na friji, kuna chanjo inayovumilia joto, aina ya I-2. Hapa kwetu ilitengenezwa kwenye maabara ya mifugo Temeke ndiyo maana inaitwa Temevac. Kuvumilia joto si kusema uikaange, bado ifunge kitambaa kibichi na uiweke kivulini, lakini haifi kwa safari ya siku moja kama zile nyingine.

Ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa. Mshike, mlaze ubavu, mdondoshee, usimwachie mpaka apepese na tone lipotee. Rudia kila miezi mitatu hadi minne, na hakikisha mara mojawapo inaangukia kabla ya kiangazi. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo pangeni siku moja na majirani, asubuhi kabla hamjawafungulia. Mkikifungua mkitumie siku hiyo hiyo, kilichobaki msikitunze.

Na jambo moja: mgonjwa hachanjwi. Ukimchanja aliyeshaanza kujikunyata atakufa, halafu kijiji kizima kitasema chanjo imeua.

#31 BibiJogoo

Hilo ndilo lililotokea. Nimekuelewa. Mwarobaini nao siuachi lakini.

#32 MzeeSindano

Usiuache, bibi. Siku ya chanjo tu usiuweke kwenye maji.

#33 MkulimaWaIpogolo

MREJESHO.

Asubuhi nimebeba wawili waliokufa usiku na mmoja mgonjwa mpaka kwa afisa mifugo. Amewapasua mbele yangu. Juu ya tundu la haja kuna kifuko kidogo, kilikuwa kimevimba na kina ute kama jeli. Kwenye misuli ya paja kuna madoa ya damu kama mtu aliyechomwa na sindano nyingi. Kisha akafungua yale matumbo mawili yaliyozibwa mwisho, kwa mmoja yalikuwa yamejaa damu, kwa wengine hapana. Akasema: gumboro, na kokidi imeingia kwa mlango wa nyuma. Amenipa dawa ya kokidi ya kuweka kwenye maji na vitamini, akaniambia nirudishe joto, nibadilishe matandiko, gumboro yenyewe nisubiri ipite.

#34 PumbaNaMashudu

Madoa ya damu kwenye paja yanaweza kutoka pia kwenye chakula chenye ukungu. Pumba uliitunza wapi?

#35 MzeeSindano

Ni kweli, sumukuvu inaweza. Na kuna kingine: dawa za salfa zikizidi huleta madoa yale yale. Mkulima, kabla ya kwenda kwa afisa, uliwapa dawa yoyote?

#36 MkulimaWaIpogolo

Pumba iko kwenye magunia chini kwenye sakafu, sijaona ukungu ila upande wa chini kuna unyevu.

Dawa... siku ya 24 niliwapa dawa ya unga ya kuhara, jirani alinipa bila karatasi. Niliweka vijiko viwili kwa lita ili iwahi.

#37 MzeeSindano

Basi paja halituambii tena kitu cha uhakika. Kile kifuko kilichovimba bado kinanivuta kwenye gumboro, lakini mimi sikukiona kwa macho yangu. Angepeleka sampuli maabara tungeacha kubishana.

#38 BosiBroila

Ningependa ijulikane kwamba nilisema gumboro kwenye #3.

#39 Chotara_Nakuru

Imejulikana. Ile dozi mbili na antibiotiki nazo zimejulikana.

#40 MkulimaWaIpogolo

Siku ya tano tangu nifungue uzi. Vifo: 7, 3, 1, jana sifuri, leo sifuri. Wamebaki 97.

Nimetoa unga wa mbao wote, nimeweka maranda. Kinengunengu nimekiondoa. Jiko moja usiku, na tundu la moshi nimelifungua, maana Fundi alinitumia ujumbe kwamba mkaa ndani ya banda lililozibwa unaua kimyakimya. Chombo cha maji kiko juu ya tofali. Nimerudi kwenye chakula cha kiwandani mpaka wafike wiki ya nane. Usiku nawachungulia: zamani walikuwa wanarundikana kwenye kona moja kama mchanga, sasa wametawanyika, kila mmoja amejilaza kivyake.

#41 FundiBanda

Matandiko. Nilisema.

#42 PumbaNaMashudu

Au dagaa waliotoka.

#43 BosiBroila

Au dawa ya afisa, ambayo ni dawa kama nilivyoshauri.

#44 MzeeSindano

Gumboro ikishafika kileleni hushuka yenyewe, siku tano hadi saba imeisha, ukifanya kitu au usipofanya. Ndiyo maana nilikuuliza, Bosi, zile mara tatu zako walikuwa siku ya ngapi. Bado hujanijibu.

Mkulima, ile gumboro ya siku ya 28 imeshapita na ilikuta wanaumwa, iache, waliopona wameshapata kinga ya ugonjwa wenyewe. Kideri ndicho ninachokitilia shaka. Waache wiki mbili wapate nguvu, kisha rudia, na safari hii ipe kwa tone la jicho, 97 si wengi, ni asubuhi moja ya watu wawili. Ndui usiisahau, wiki ya sita hadi ya nane, inachomwa kwenye ngozi ya bawa. Na barafu iweke kwenye chupa ya chai, kichupa juu yake ndani ya mfuko wa nailoni.

#45 MkulimaWaIpogolo

Nimeiandika nyuma ya ile kadi. Chupa ya chai ipo, mke wangu anauliza itarudi ikiwa na harufu ya nini.

#46 BibiJogoo

Wakifika miezi mitano uniwekee majogoo mawili. Siwataki kwa tone wala kwa maji, nitawachanja mwenyewe, nimeshapanga na nyumba sita.

#47 DadaWaMayai

Jamani wangu wa miezi sita bado hawajataga.